Tofauti ni sifuri, lakini kilo 230 za mawese ziko wapi?

*Shikamoo mwalimu. Nasoma uhasibu wa gharama hapa Kigoma. Tumepewa swali la karakana ya sabuni Mwandiga. Kiwango ni kilo 7 za mawese kwa katoni, sh 3,000 kwa kilo. Bajeti ya mwezi ilikuwa katoni 500, zikatoka 460. Walinunua kilo 3,800 kwa sh 10,640,000, wakatumia kilo 3,450. Tofauti ya jumla mimi napata sifuri, ya matumizi sh 150,000 nzuri. Majibu tuliyopewa yanasema bei sh 760,000 nzuri, matumizi sh 690,000 mbaya. Nimekosea wapi? Na kama jumla ni sifuri, kuna haja gani ya kuhangaika?*

Marahaba. Sifuri yako ni sahihi, na majibu mliyopewa ni sahihi pia. Kilichokuponza ni katoni 500.

Tazama ulivyofanya. Kwenye jumla ulichukua katoni 460, ukazidisha kwa sh 21,000 za mafuta kwa katoni, ukapata sh 9,660,000. Kisha kilo 3,450 zilizotumika, kila moja sh 2,800, nazo zikaleta sh 9,660,000 ileile. Mpaka hapo huna kosa. Ulipofika kwenye matumizi ukairudia bajeti: katoni 500 mara kilo 7 ni kilo 3,500, zimetumika 3,450, basi wameokoa kilo 50. Umepima kazi moja kwa fimbo mbili, mstari mmoja unaongelea katoni 460 na mwingine katoni 500.

Mama ntilie wa Kibirizi anajua kwamba kilo 10 za mchele zinamtolea sahani 50. Siku ya mvua amepika sahani 40 tu, na mchele uliokwisha ni kilo 9. Ukimwambia ameokoa kilo moja atakucheka. Sahani 40 zilistahili kilo 8, kwa hiyo kilo moja imepotea, iwe ilimwagika, iliungua au ilibebwa. Zile sahani 50 ni mipango ya jana tu, mchele wa leo unapimwa kwa sahani za leo. Katoni zako 460 nazo ziulize vivyo hivyo:

```
Kilo zinazoruhusiwa  = 460 × 7 = 3,220
Tofauti ya matumizi  = (3,220 − 3,450) × 3,000
                     = −230 × 3,000 = −690,000 (mbaya)
```

Kosa lako halikubadilisha ukubwa wa tofauti tu, limeigeuza kutoka mbaya kuwa nzuri. Karakana iliyopoteza kilo 230 imeonekana imebana matumizi, kwa sababu tu ilizalisha kidogo kuliko ilivyopanga. Kati ya makosa yote ninayokutana nayo nikisahihisha maswali ya namna hii, hili ndilo nalichukia zaidi, maana mwenye kiwanda akiliamini atampongeza mtu ambaye alipaswa kuhojiwa.

Pengine umejiuliza pia kwa nini kilo 230 zizidishwe kwa sh 3,000 wakati zilinunuliwa kwa sh 2,800. Fundi anayepika sabuni hakwenda kujadiliana bei na wauza mafuta. Tukimhesabia kwa bei halisi, mwezi ambao mafuta ni rahisi upotevu wake utaonekana mdogo, na mwezi ambao bei imepanda utaonekana mkubwa, ingawa kilo alizopoteza ni zilezile. Bei ya kiwango inamfungia mlango wa soko, anabaki na kilo zake. Mnunuzi ndiye anayebeba habari ya bei, naye tunampima kwa kilo halisi.

Hapo kuna kitu kidogo ambacho vitabu vingi hukipita bila kukigusa. Ukipima bei kwa kilo zote 3,450 zilizotumika, unapata sh 200 mara 3,450, yaani sh 690,000 nzuri. Ndani yake kuna zile kilo 230 zilizozidi, na sh 200 za kila moja: sh 46,000. Kwa desturi ya somo letu kipande hicho hukaa upande wa bei, na kwenye mtihani kiache hapohapo. Ila ujue maana yake: mnunuzi anasifiwa kwa unafuu wa kilo ambazo zisingehitajika kabisa.

Sasa linganisha sh 690,000 hizi za bei, zinazofuata njia uliyotumia kwenye jumla, na sh 760,000 za majibu. Zako zimepimwa kwenye kilo zilizotumika, zao kwenye kilo zilizonunuliwa:

```
Kwa zilizotumika    = (3,000 − 2,800) × 3,450 = 690,000
Kwa zilizonunuliwa  = (3,000 − 2,800) × 3,800 = 760,000
```

Zote mbili zinafundishwa. Karakana nyingi zinazotumia viwango kwa dhati hupima siku ya kununua, kwa sababu mbili za kikazi. Kwanza, kadi ya stoo inabaki na bei moja tu, sh 3,000. Mtunza stoo anaandika kilo peke yake, haulizwi kama dumu hili ni la mzigo wa Jumatatu au wa Alhamisi. Pili, unafuu au hasara ya bei unaujua ankara inapofika, kabla mafuta hayajaingia kwenye pipa la kupikia. Ukisubiri mpaka yatumike, habari inakufikia mnunuzi akiwa ameshaleta mzigo mwingine wa namna ileile. Kwenye mtihani angalia maneno ya swali: likisema mali ya stoo inatunzwa kwa bei ya kiwango, chukua kilo zilizonunuliwa. Likikaa kimya, andika mstari mmoja kueleza msingi uliouchagua, kisha usiuache katikati ya safari.

Ndiyo maana majibu yale hayajumuiki kuwa sifuri. Sh 760,000 nzuri ukitoa sh 690,000 mbaya zinabaki sh 70,000 nzuri. Hizo ni sh 200 mara kilo 350 ambazo bado ziko stoo. Zishike kwanza hizo sh 70,000, tutazirudia.

Umeuliza haja ya kuhangaika wakati jumla ni sifuri. Hebu gawanya kilo 3,450 kwa katoni 460. Unapata kilo 7.5 kamili kwa katoni, nusu kilo zaidi ya kiwango. Nusu kilo hiyo ikijirudia mwezi mzima si bahati mbaya ya dumu moja kupinduka. Na imekuja mwezi uleule ambao mafuta yalinunuliwa kwa sh 200 pungufu. Mtu wa karakana akiona jozi hiyo, bei nzuri na matumizi mabaya yanayokaribiana, anaanza na swali moja: mafuta haya yalikuwa mafuta matupu?

Mawese ambayo hayakuchemshwa vya kutosha hubaki na maji na tope. Hapa kwetu mafuta hugandaganda kukipoa, kwa hiyo ukilifungua dumu asubuhi unaona wekundu tu, maji yamejificha ndani. Pasha dumu taratibu mpaka mafuta yayeyuke, koroga, chota kidogo kwenye chupa nyeupe, uiache mahali pa joto: maji na tope vitashuka chini vyenyewe. Kama una mizani ndogo, pima gramu 100 kwenye sufuria, chemsha polepole mpaka milio ya kupasuka na povu viishe, kisha pima tena. Zikibaki gramu 93, gramu 7 ulizilipia kama mafuta na zimepaa kama mvuke.

Gramu hizo zina uhusiano na hesabu yako. Punguzo la sh 200 kwenye sh 3,000 ni asilimia 6.67. Ukigawa kilo 3,220 zilizostahili kwa kilo 3,450 zilizotumika, unapata asilimia 93.33, pungufu asilimia 6.67 ileile. Kwa hiyo kama upungufu wote ni maji na uchafu uliozidi kawaida, kila kilo ya mafuta yanayofaa ilinunuliwa kwa sh 2,800 gawanya kwa 0.9333, yaani sh 3,000. Punguzo halikuwapo, mnunuzi alinunua maji kwa bei ya mafuta. Dumu la lita 20 lina kilo 18 hivi za mawese, na asilimia 6.67 ya hizo ni kilo 1.2, yaani lita moja na kidogo ya maji. Aliyezoea kubeba madumu hawezi kuihisi.

Hapo sifuri yako inapata maana. Mnunuzi ana sh 690,000 za sifa, fundi ana sh 690,000 za lawama, na zote mbili zimetoka kwenye ankara moja. Ukimpa mnunuzi bonasi na kumkata fundi, mwezi ujao mnunuzi ataleta mafuta ya sh 2,700.

Lakini kilo 230 zinaweza kupotea kwa njia nyingine pia, na karatasi ya tofauti peke yake haikuambii ni ipi. Swali lenu halikutaja kostiki soda, na ni hasara, kwa sababu kostiki ndiyo shahidi mzuri. Mawese yanahitaji gramu 14 hivi za kostiki kwa kila gramu 100 za mafuta ili yageuke sabuni, kiasi kinachotokana na kemia yenyewe na fundi hana uhuru mkubwa wa kukibadilisha. Tuseme kadi ya gharama inatoa kilo 7 za mafuta kwa katoni, ambapo gramu 200 ni za kupotea kwenye kuchuja, na kilo 6.8 zinaingia pipani. Kostiki yake ni kilo 0.95. Kwa katoni 460 inatakiwa kilo 437.

Sasa fungua hati za stoo uone kostiki iliyotoka mwezi ule. Kama ni kilo 437 au jirani yake, mafuta safi yaliyoingia pipani yalikuwa yale yale ya kiwango, na zile kilo 230 hazikuwahi kuwa sabuni. Yalikuwa maji yaliyopaa, au tope lililobaki kwenye chujio, au mafuta yaliyotoka kwa mlango wa nyuma, na sampuli ya gramu 100 itakusaidia kutenga maji na wizi. Kama kostiki nayo imepanda mpaka kilo 468 hivi, basi mafuta yaliyozidi yaliingia pipani kweli, na unatafuta miche mizito kuliko kipimo, au mpiko uliotupwa na haukuandikwa. Pima miche kumi kwa mizani, utajua leo leo. Ushahidi huu unasimama tu kama fundi anapima mafuta baada ya kuyachemsha na kuyachuja. Anayepima mafuta yenye maji na kuyawekea kostiki kwa uzito huo ataongeza kostiki bila mafuta ya kuipokea, na utamjua kwa sabuni inayouma mikono.

Kuna njia moja zaidi ya kupata picha ileile, nayo iliwahi kuniaibisha. Miaka yangu ya mwanzo kazini, katika karakana moja, nilipeleka ripoti yenye matumizi mabaya karibu asilimia kumi na bei nzuri ya kupendeza. Fundi aliitwa, akasemwa mbele ya wenzake. Alinyamaza, akaenda stoo, akarudi na dumu moja lililojaa, akalipandisha kwenye mizani mbele yetu. Ukitoa uzito wa dumu lenyewe, kilo 18. Mtunza stoo alikuwa akiandika kila dumu la lita 20 kuwa kilo 20, nami nikazipokea bila kuuliza. Kilo mbili za kila dumu zilikuwapo kwenye karatasi tu. Kwa sababu fedha ya dumu iligawanywa kwa kilo 20 badala ya 18, bei ya kilo ilionekana ndogo. Kwa sababu stoo ilitoa kilo za karatasi, matumizi yalionekana makubwa. Maji hayakuwapo, mwizi hakuwapo, na tofauti zote mbili zilikuwa za kwangu. Tangu siku hiyo, kabla sijamwita mtu yeyote, nauliza kwanza kama ankara, kadi ya stoo na kadi ya gharama zinaongea kwa kipimo kimoja.

Turudi kwenye leja, kwa sababu huko ndiko sh 70,000 zilikojificha. Siku ya kununua, stoo inadebitiwa kilo 3,800 kwa bei ya kiwango, sh 11,400,000. Mwuzaji anakreditiwa anachodai hasa, sh 10,640,000. Kinachobaki, sh 760,000, kinakwenda krediti kwenye akaunti ya tofauti ya bei. Mafuta yakitoka kwenda kupikwa, stoo inakreditiwa kilo 3,450 kwa sh 3,000, yaani sh 10,350,000. Kazi inayoendelea inadebitiwa kile tu ambacho katoni 460 zinastahili, sh 9,660,000, na sh 690,000 zinadebitiwa kwenye tofauti ya matumizi. Wanafunzi hukumbuka kirahisi zaidi wakijua kwamba tofauti nzuri hulala upande wa krediti na mbaya upande wa debiti.

Stoo sasa inaonyesha sh 1,050,000: kilo 350 kwa sh 3,000. Fedha iliyotoka mfukoni kwa kilo hizo ni sh 980,000. Kwa ripoti ya ndani hilo halisumbui. Kwa hesabu za mwisho wa mwaka linasumbua, kwa sababu IAS 2, kanuni ya kimataifa ya uhasibu wa mali ya stoo, inaruhusu gharama za kiwango pale tu zinapokaribiana na gharama halisi, na inataka viwango vipitiwe mara kwa mara. Ukifunga mwaka siku hiyo na kuzichukua sh 760,000 zote kama mapato ya mwezi, umejihesabia faida ya mafuta ambayo hujayatumia. Kama kiasi ni kikubwa, toa sh 70,000 kwenye tofauti ya bei na uishushe thamani ya stoo kwa kiasi hicho.

Na faida yenyewe ni ya karatasi. Kilo 350 zilizobaki ni za mzigo uleule. Zikiwa na upungufu uleule wa asilimia 6.67, mwezi ujao kilo 23.33 kati yake hazitakuwa sabuni, na kwa sh 3,000 kila moja hiyo ni tofauti mbaya ya matumizi ya sh 70,000. Atakayekuwa zamu mwezi huo ataulizwa mafuta yamekwenda wapi, wakati sifa za bei zilishagawiwa mwezi uliopita. Kwa hiyo chini ya majibu yako, baada ya 760,000 na 690,000, andika kwamba kilo 350 za stoo zipimwe maji kabla ya kupikwa. Hakuna maksi za mstari huo kwenye mwongozo wa kusahihisha, nadhani, lakini kwenye karakana ya Mwandiga ndio ambao mwenye mali angeusoma kwanza.